Ukimya kwenye filamu hautengenezwi kwa kuzima sauti

"Wadau wa sauti, nimemaliza filamu fupi ya dakika 20. Pale mama anapopigiwa simu kuambiwa mwanawe amefariki niliweka piano ya huzuni, walioiona wakasema inachosha. Nikautoa muziki wote hapo, sasa wanauliza kama spika imekufa. Tatizo liko wapi?"

Mkuu, hao watu wako wamesema kweli mara zote mbili. Nahariri sauti za filamu na tamthilia hapa Dar, na simu ya msiba ni eneo ninaloletewa mara nyingi sana, karibu kila mara likiwa na piano hiyohiyo.

Nianze na spika iliyokufa. Ulipotoa muziki, chini yake hapakubaki kitu. Mazungumzo yalishakatwakatwa na kusafishwa kelele, kwa hiyo kati ya sentensi na sentensi kuna sifuri tupu. Chumba halisi hakina sifuri hata usiku wa manane: kuna feni, kuna bodaboda ya mbali, kuna hewa yenyewe. Sikio limeizoea hali hiyo tangu utotoni, na likiikosa ghafla mtazamaji anatoka kwenye hadithi na kuanza kuwaza waya. Ndiyo sababu baada ya kushuti tunarekodi sauti ya chumba chenyewe bila maneno. Watu wote wabaki walipo, taa zisizimwe, maikrofoni iwe ileile na mahali palepale, kisha kila mtu anyamaze kuanzia sekunde 30 hadi dakika nzima. Watu wakitoka, mwangwi wa chumba unabadilika na rekodi haitakaa vizuri chini ya mazungumzo.

Kama hamkurekodi, vipo vipande vidogo ndani ya picha zenu, pale mwigizaji anaposubiri kabla ya kujibu. Viunganishe kwa kuvififisha mwanzo na mwisho, ila usichukue kimoja kifupi ukakirudia. Humo hakukosi mlio mdogo wa kiti au ndege, na ukijirudia kila baada ya sekunde chache sikio linaunasa.

Hapo umeponya spika, lakini bado hujamgusa mtu. Ukimya unagusa pale tu kitu kilichokuwa kinasikika kinapoondoka, kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye dakika iliyotangulia. Mfano ninaourudia kila ninapofundisha vijana ni lile eneo la mgahawani katika The Godfather, filamu ya mwaka 1972. Michael, mtoto wa bosi wa mafia, amekaa mezani na Sollozzo, adui wa familia yao, na kapteni wa polisi anayemlinda adui huyo. Anakwenda chooni kuchukua bastola iliyofichwa, anarudi, anakaa. Sollozzo anaongea Kiitaliano na hakuna tafsiri chini ya skrini, kwa hiyo masikio yetu hayana maneno ya kushika. Muziki hakuna kabisa. Kinachopanda ni mkwaruzo wa magurudumu ya treni ambayo hatuioni popote, na mpangaji wa sauti hizo, Walter Murch, alikuwa ameshatuonjesha treni hiyo mapema ili isije ikaonekana imetoka mbinguni. Kadiri kamera inavyokaa kwenye uso wa Michael, mkwaruzo unazidi hadi unapita kiasi ambacho treni ya kweli ingefikisha ndani ya mgahawa. Tunasikia kichwa chake kinavyochemka. Anapiga risasi, kelele yote inaanguka, anatembea kuelekea mlangoni, na ni pale tu anapoiachia bastola ndipo muziki wa Nino Rota unapoingia.

Angalia mpangilio huo. Muziki haukutuambia kwamba kuna mauaji yanakuja, wala haukutuambia tujisikieje yanapotokea. Ulisubiri tendo liishe. Piano yako inafanya kinyume: naamini inaanza simu ikiita au kabla ya hapo, kwa hiyo mtazamaji anajua kuna kifo kabla mama hajajua, na analia kwa amri. Mwigizaji wako anabaki kuthibitisha habari iliyokwisha kutangazwa. Hicho ndicho wanachokiita kuchosha.

Nikueleze nilivyolishughulikia eneo kama lako kwenye tamthilia moja. Mama yuko jikoni, sufuria iko motoni, jokofu kuukuu nyuma yake. Niliweka muungurumo wa jokofu tangu picha ya kwanza ya eneo, kwa kiasi ambacho unausikia ukiingia kisha unausahau. Simu ikaita, mama akapokea. Sauti ya upande wa pili niliiacha nyembamba na ya mbali, maneno mawili matatu tu yanashikika. Mama akasema "Sawa." Sikukata chochote hapo. Nikaacha kama sekunde mbili, halafu jokofu likajizima lenyewe, kwa ule mlio mdogo wa chuma kugonga ambao majokofu ya zamani hutoa yakizima. Kilichobaki ni sauti ya chumba na pumzi yake.

Tulipoionyesha, hakuna hata mmoja aliyetaja jokofu. Walisema chumba "kimekuwa kikubwa" na mama ameonekana peke yake. Wakati wa kipande hicho viti viliacha kulia, na mimi hicho ndicho ninachokisikiliza kwenye majaribio kuliko maneno ya watu baadaye. Anayejigeuzageuza kwenye kiti yuko nje ya filamu.

Muziki tuliuleta mama alipoinuka, akazima jiko na kuanza kuosha vikombe kana kwamba hakuna kilichotokea. Ulikuwa noti moja ya chini, ndefu, na nikaianzisha chini ya maji ya bomba ili mtu asijue imeanza lini. Muziki unaoingia peke yake juu ya ukimya kila mtu anausikia ukifungua mlango. Ukiuficha nyuma ya maji, gari au hatua, unawakuta watu wameshakuwa ndani yake.

Kuna mpaka mmoja usiousahau. Filamu yako wengi wataiona kwenye simu, ndani ya daladala au sebuleni feni ikizunguka, na wengine kwenye vibanda umiza ambako jenereta liko nje ya ukuta. Kelele hizo zinaumeza ukimya mwembamba. Tena muungurumo wa jokofu uko chini sana, karibu na hezi 100 na chini ya hapo, na spika ya simu haiufikishi. Nilichofanya ni kuongeza mtetemo wa chupa kwenye mlango wa jokofu, sauti ya juu kidogo ambayo simu inaweza kuitoa. Chupa zikiacha kugongana, hata wa daladala anajua kuna kitu kimesimama, japo hatakitaja. Sikiliza mikisi yako kwenye simu huku feni imewashwa. Usipotambua ni wapi sauti imeondoka, pandisha kilichotangulia. Ukipandisha ukimya wenyewe utapata mnong'ono wa kelele tu.

Na usiweke mbinu hii mara tatu kwenye dakika 20. Mara ya pili watu wanaanza kuisubiri.

Kama jikoni mwa filamu yako hamna jokofu, tafuta kinachoishi humo kihalali: feni, cherehani ya jirani, mvua kwenye bati. Mvua ni ngumu kwa sababu haikatiki ghafla bila kuonekana imepangwa. Feni ni nzuri ukiwa na sababu ya umeme kukatika, na hiyo kwa watazamaji wetu haihitaji maelezo. Weka hapa sekunde 60 za kabla ya simu bila muziki, tusikie kuna nini mle chumbani cha kuondoa.