Awamu Nne, Sahihi Mbili

SWALI LA WIKI: Mteja aliyechelewa kulipa ameniomba alipe kidogo kidogo. Nikubali vipi bila kujifunga mwenyewe?

Mhariri, ninauza mbao hapa Mafinga, na swali hili lilinikuta kwa seremala mmoja wa Iringa mjini aliyechukua misonobari ya shilingi 2,400,000 kwa ahadi ya kulipa baada ya mwezi. Miezi mitatu ikapita. Alipoomba kulipa kwa awamu nilikubali, lakini kwa karatasi.

Jambo la kwanza tuliloandika ni kwamba anakiri kudaiwa kiasi hicho chote, ikitajwa stakabadhi ya mbao na tarehe yake, na kwamba makubaliano haya yanapanga tu namna ya kulipa, hayafuti deni la awali. Maneno hayo yana uzito kisheria, kwa kuwa hapa kwetu muda wa kufungua madai ya mkataba ni miaka 6, na ungamo la deni lililoandikwa na kutiwa sahihi na mdaiwa kabla muda huo haujaisha huuanzisha upya.

Alilipa 600,000 siku ileile ya kusaini, 12 Aprili. Zilizobaki tuligawa mara tatu: 5 Mei, 5 Juni na 5 Julai, 600,000 kila mara. Nilikataa kuandika “mwisho wa mwezi”, maana wateja wake humlipa mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi wa seremala huweza kufika hata tarehe 10. Tukaandika pia kwamba siku ya malipo ni ile fedha inapoingia kwenye simu yangu, si ile anaponiambia ametuma.

Kifungu kilichonisaidia zaidi kilisema kwamba awamu ikipita siku 3 bila kukamilika, naweza kudai salio lote papo hapo kwa barua, na hapati mbao za mkopo mpaka amalize. Bila maneno hayo ningeweza kudai awamu iliyopita tu, nikisubiri nyingine ziive. Faini ya kila siku sikuiweka. Mahakama hutoa fidia ya kadiri, haifungwi na kiasi kikubwa mlichojiandikia.

Juni aliteleza. Tarehe 7 alituma 200,000. Nilizipokea, lakini kwenye risiti niliandika: “Sehemu ya awamu ya Juni, bado 400,000, muda haujaongezwa.” Ukipokea kimya kila anapochelewa, kesho atasema mlizoea hivyo, na atakuwa na hoja. Tarehe 9 nikampelekea barua ya kudai 1,000,000 yote.

Alikuja mwenyewe tarehe 14 na zile 400,000, akaomba Julai ibaki palepale. Nikakubali, ila chini ya karatasi ileile tuliongeza mstari kwamba msamaha huo ni wa mara moja, kila mmoja akatia sahihi na tarehe, naye akaondoka na nakala yake. Awamu ya mwisho iliingia 4 Julai.

Msomaji, Mafinga