Bibi na voisi za WhatsApp: kwa nini haziendi

"Bibi yetu yuko Mtama, mjukuu wake yuko Ujerumani. Tumemnunulia simu ya tachi, lakini akirekodi voisi haiendi, au inakwenda kipande tu. Tumfundisheje?"

Mwangalieni kidole kwanza. Alama ya kipaza sauti inataka ishikiliwe muda wote wa kuongea, na mzee aliyezoea simu ya vitufe anabonyeza na kuachia. Akiwahi kuachia, kinachokwenda ni kipande, au hakiendi kitu kabisa. Mkono ukitetemeka kidole kikateleza kushoto, rekodi inafutwa na yeye anajua ametuma. Kwa bibi aliyebangua korosho miaka mingi kuna la ziada: ngozi ya vidole imekuwa ngumu na kavu, kioo hakiisikii vizuri. Apanguse kidole kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha atumie tumbo la kidole badala ya ncha.

Bibi mmoja wa Mikindani alifaulu alipoacha kabisa kushikilia. Alifundishwa kugusa kipaza, kupandisha kidole juu mpaka kwenye kufuli, halafu kuachia. Hapo simu inarekodi yenyewe. Anaiweka juu ya mkeka, anaongea anavyotaka, "Mume wangu, umekula?", akimaliza anagusa mshale wa kutuma. Mshale huo ndio unaosahaulika sana, kwa hiyo fundisheni mwisho kabla ya mwanzo: nyie rekodini, yeye awe anatuma tu. Akishauzoea mshale, mpeni na kufuli.

Siku nyingine atawaambia kipaza kimepotea. Amegusa herufi bila kujua; kukiwa na maandishi, hata herufi moja, kipaza kinageuka mshale. Futeni maandishi, kitarudi. Na sauti ikiwa hafifu upande wa mjukuu, angalieni kiganja au kanga: tundu la kipaza kwa kawaida liko ukingo wa chini wa simu, pale pale anaposhikia.

Akisikiliza majibu ataipeleka simu sikioni. Kioo kitazima na sauti itahamia spika ndogo ya juu. Mwambieni haijafa, akiitoa sikioni kioo kitawaka. Wengine wanapenda hivyo, majirani hawasikii.

Kisaa kidogo pembeni ya voisi maana yake haijatoka: bando limeisha au mtandao umekata. Asirekodi upya. Mtandao ukirudi itakwenda yenyewe; akirekodi upya, mjukuu atapokea "marahaba" nne mfululizo. Tiki mbili maana yake imemfikia, na alama ya kipaza kwenye voisi ikigeuka bluu, ameisikiliza. Kabla ya hapo asimnunie. Majira ya baridi Ujerumani wako nyuma yetu kwa saa 2, majira ya joto saa 1, na bibi anayeamka saa 12 asubuhi kutuma salamu wakati wa baridi anamkuta mwenzake saa 10 usiku.