Re: Mbona reti ya kwenye stetimenti siyo ya siku niliyonunua?

"Nimenunua viatu vya dola 80 mtandaoni Ijumaa, reti ilikuwa 2,500, stetimenti imekuja na 2,530. Benki wamenipiga?"

Hapana mkuu, hapo hujapigwa. Ijumaa ulivyobonyeza kulipa pesa haikwenda popote, benki ilishikilia tu 200,000 kwa reti ya siku ile ili usizitumie kwingine, ndo ile meseji uliyopata. Muuza duka anatuma madai yake baadaye, wengine mpaka mzigo utoke stoo, halafu hapo kati kuna wikiendi, kwa hiyo muamala unakuja kuingia kwenye akaunti labda Jumanne, na kama kadi ni ya Visa reti inayotumika ni ya siku muamala unapochakatwa, siyo ya siku uliyobonyeza. 80 mara 2,530 ni 202,400, basi zile zilizoshikiliwa zinaachiwa unakatwa hii. Dola ingeshuka ungekatwa pungufu na usingeuliza 😂

Angalia stetimenti vizuri, mara nyingi ina tarehe mbili, Transaction Date na Posting Date. Chukua hiyo ya pili ukaiweke kwenye kikokotoo cha reti kilichopo saiti ya Visa. Ikibaki tofauti hata baada ya hapo, hiyo sasa ni asilimia ya benki yako kwa manunuzi ya fedha za kigeni, iko kwenye orodha yao ya makato.

Na ukirudisha viatu, rifandi nayo itabadilishwa kwa reti ya siku yake, usishangae isirudi sawasawa.