Tungamo la gari kwenye kona

> Kona tambarare, nusukipenyo mita 50, mgawo wa msuguano 0.8. Hawajatoa tungamo la gari, sasa mwendokasi wa juu kabla halijateleza napataje?

Tungamo halihitajiki, linajifuta. Msuguano wa tairi ndio unaolivuta gari kuelekea katikati ya kona, kwa hiyo:

mv²/r = μmg
v = √(μgr) = √(0.8 × 9.8 × 50) = 19.8 m/s

Ni kama 71 km/h. Mvua ikishusha μ hadi 0.4, inabaki 14 m/s, yaani 50 km/h tu.

Kuna ndugu aliyejibu swali hili kwa kuchora kani inayolisukuma gari nje ya kona; namba zake ziko sawa, ila mchoro wake si sahihi: ukisimama kando ya barabara, hakuna kitu kinacholisukuma gari nje. Tairi zikiachia, gari linanyoosha tu.

Setilaiti nayo tungamo lake linajifuta vivyo hivyo, v = √(GM/r): M hapo ni tungamo la Dunia, si la setilaiti.

Mwingine ameuliza kama hesabu hii inalifaa lori lake; haimtoshi. Kitovu cha uzito kikiwa mita 2 juu na tairi za kushoto na kulia zikiachana mita 2, kona hiyo hiyo kavu litapinduka karibu na 56 km/h, kabla halijateleza.