Rigresheni inasema 7, alama ya uwezekano inasema 4: niamini ipi?

Swali: Nashughulikia data ya kliniki mbili za presha huku Kayole. Baadhi ya wagonjwa hupewa kidonge kimoja chenye dawa mbili ndani, wengine humeza dawa hizo kando kando. Waliopewa kidonge kimoja karibu wote wana miaka 45 hadi 55, ilhali wengine ni wa kuanzia 35 hadi 75. Rigresheni yenye umri, jinsia, uzito na kisukari inasema kidonge kimoja kinashusha namba ya juu ya presha kwa 7 zaidi. Nikioanisha wagonjwa kwa alama ya uwezekano wa kupata tiba, kwa vigezo vilevile, napata 4. Mkubwa wangu anataka jibu moja. Nimpe lipi?

Jibu: Kwa data uliyoieleza, dada, ningempa 4. Tofauti hiyo inaelekea kuletwa na wazee ambao hawakupewa kidonge kimoja.

Ukiweka umri kwenye rigresheni kama namba tu, unaiambia kompyuta kwamba presha hupanda kwa kiasi kilekile kila mwaka. Mgonjwa wa miaka 70 naye anauvuta mstari huo. Sasa ikiwa presha hupanda polepole mpaka miaka 50 kisha ikaanza kupanda kwa kasi, mstari ulionyooka utapita juu ya ukweli pale katikati, na katikati ndipo walipo watu wako wa kidonge kimoja. Nimetunga mfano mdogo unaotoa pengo kama lako. Namba si za wagonjwa halisi. Uendeshe kwenye R:

```r
umri   <- c(40, 50, 60, 70, 50)
presha <- c(140, 142, 150, 164, 138)
dawa   <- c(0, 0, 0, 0, 1)
coef(lm(presha ~ dawa + umri))
```

Mtu wa miaka 50 aliyepata kidonge kimoja ana 138. Mwenzake wa umri uleule asiyekipata ana 142, kwa hiyo tofauti ni 4. Lakini `lm` itakupa -7, kwa sababu mstari wake unadai asiyekipata wa miaka 50 angekuwa na 145. Hizo 3 za ziada zimetoka kwa wazee.

Alama ya uwezekano, ambayo Rosenbaum na Rubin waliieleza mwaka 1983, inapita njia nyingine. Unakadiria kwanza, kwa rigresheni ya lojistiki, uwezekano wa kila mgonjwa kupewa kidonge kimoja kutokana na umri na vigezo vingine, bila kugusa presha ya mwisho. Kisha unalinganisha wenye alama zinazokaribiana. Ukiruhusu umri upinde kwenye modeli hiyo, mzee wa miaka 70 alama yake iko karibu na sifuri, hapati mwenza, anabaki nje.

Kabla ya kukubali hiyo 4, chora alama za makundi mawili kwenye grafu moja uone zinapopandana. Kisha pima kila kigezo: toa wastani wa kundi moja kwenye wa lingine, ugawe kwa mchepuko sanifu. Tuseme umri ulikuwa wastani wa 50 dhidi ya 58, mchepuko 12. Hiyo ni 0.67, pengo kubwa. Baada ya kuoanisha, wengi tunataka chini ya 0.1. Usitumie thamani ya p hapa, kwani itapanda kwa sababu tu umepunguza wagonjwa. Kigezo kikibaki na pengo, rekebisha modeli ya alama na uoanishe tena. Presha ya mwisho haiingii katika hatua hizo, kwa hiyo ni vigumu kujipendelea. Kwangu hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika mbinu hii.

Rigresheni hata hivyo haina kosa la kuzaliwa nalo. Ukiruhusu umri upinde, au ukiiendesha kwa wagonjwa wa miaka 45 hadi 55 peke yao, natarajia ije karibu na 4. Nakushauri ufanye hivyo, na hata uitumie ndani ya jozi ulizooanisha ili ifute pengo dogo lililobaki. Ila usichukue alama ukaiingiza kwenye rigresheni ya wagonjwa wote kama namba moja zaidi. Hapo umerudi kwenye mstari ulionyooka, na wazee wako ndani tena.

Kwenye ripoti, andika kwamba 4 ni ya watu wanaofanana na waliopewa kidonge kimoja. Kuhusu wazee wa miaka 70 data yenu haina jibu, na hiyo 7 ilikuwa inajifanya inalo. Andika pia kwamba mbinu zote mbili zinasawazisha kilichoandikwa kwenye faili tu. Kama waliopata kidonge kimoja ndio pia wenye mshahara wa kununua dawa kila mwezi bila kukosa, na mshahara haukuandikwa, sehemu ya hiyo 4 ni ya mshahara.