Maswali na majibu: asilimia 20 ya hisa ambazo hamkununua

Tumenunua asilimia 80 ya kampuni. Tuunganishe asilimia 80 ya mali zake?

Hapana. Mali na madeni yote huingia kwenye hesabu za kundi kwa asilimia 100, kwa sababu mnaidhibiti kampuni nzima. Fungu la wenzenu, wanahisa wachache wenye asilimia 20 iliyobaki, huonyeshwa upande wa mtaji.

Mhasibu wetu amechukua asilimia 20 ya mtaji uliomo kwenye mizania ya kampuni tanzu. Yuko sahihi?

Swali hili limeletwa mara nyingi, na bado watu wanakimbilia mizania ya zamani. Hayuko sahihi. Mnakadiria kwanza thamani ya kila mali na deni siku mlipopata udhibiti. Tuseme mizania inaonyesha mali halisi, yaani mali toa madeni, za milioni 700, lakini kiwanja kilichoandikwa kwa bei ya kale kinaongeza milioni 300 baada ya kuondoa kodi iliyoahirishwa. Mali halisi sasa ni milioni 1,000, na fungu la wanahisa wachache ni milioni 200, si 140. Kama mlilipa milioni 900, gudwili, ile ziada ya bei juu ya mali halisi, ni 900 jumlisha 200 toa 1,000, yaani milioni 100. Mkiweka 140, gudwili itashuka hadi 40. Ile tofauti ya milioni 60 ni sehemu ya wanahisa wachache katika ongezeko la kiwanja, nanyi mtakuwa mmeifuta.

IFRS 3, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa ununuzi wa kampuni, inaruhusu njia ya pili: kupima fungu lao kwa thamani ya soko. Mnachagua upya kwa kila ununuzi. Ila mjue kwamba kwa njia ya kwanza gudwili ni yenu peke yenu, hivyo siku ya kupima kama imeshuka thamani, lazima muikuze kwanza: 100 gawa kwa 0.8, yaani 125. Wengi husahau hatua hiyo, na hasara huonekana ndogo kuliko ilivyo.

Kwa thamani ya soko, si tunatumia tu bei tuliyolipa sisi kwa kila hisa?

Msifanye hivyo bila kufikiri. Mlinunua hisa milioni 8 kwa shilingi 112.50 kila moja, na ndani ya bei hiyo mmelipia uwezo wa kuteua wakurugenzi na kuamua gawio. Mwenye hisa chache hana uwezo huo. Hisa zikiwa zinauzwa sokoni kwa shilingi 105, basi hisa zao milioni 2 zina thamani ya milioni 210, si 225, na gudwili inakuwa 110.

Fungu hilo ni deni au mtaji?

Mtaji, kwa mstari wake peke yake. Lakini someni mkataba wa wanahisa: wakiwa na haki ya kuwalazimisha mnunue hisa zao kwa fedha taslimu, kundi lina deni la kuandika tangu siku ya kwanza.