CK si kreatinini: majibu kwa wanaopima damu baada ya mazoezi

Daktari, shikamoo. Nilirudi jimu baada ya miezi saba, siku ya miguu. Siku ya tatu nikapima damu ikasoma 6,240. Shemeji yangu anasema hiyo ni kreatinini, figo zimekwisha. Nijiandae kusafishwa damu? (Dar es Salaam)

Marahaba. Asante kwa kunitumia picha ya karatasi yenyewe, maana imeokoa maneno mengi. Mstari wenye 6,240 umeandikwa CK, na mbele yake kuna U/L. Teremka mistari minne, utaona CREA 98 umol/L. Hiyo ya pili ndiyo kreatinini, na 98 kwa mwanamume wa miaka 29 ni namba ya kawaida.

Shemeji hana kosa kubwa, majina yanachanganya. Yote mawili yametoka kwenye kreatini, akiba ya nguvu iliyomo ndani ya misuli. Chukulia karakana ya seremala. CK, yaani kreatini kainesi, ni fundi: kimeng'enya kinachokaa ndani ya misuli na kuifanyia kazi hiyo kreatini. Kreatinini ni maranda, taka inayodondoka kidogo kidogo kila siku, na figo ndizo zinazoifagia. Ukimkuta fundi anazurura barabarani, jua ukuta wa karakana umebomoka. Ukikuta maranda yamerundikana, muulize mfagiaji. Ni shida mbili tofauti, ingawa karakana ni moja.

Kuta zako wewe zimebomoka hasa. Kuchuchumaa na chuma begani kunaumiza misuli zaidi wakati wa kushuka, kwa sababu msuli unavutwa huku umekaza. Mtu aliyekaa miezi saba bila kufanya hivyo, nyuzi zake huchanika na CK kumwagika kwenye damu. Haimwagiki yote siku ileile, kilele huwa kati ya siku ya kwanza na ya nne. Kwa hiyo ulipima wakati mbaya kuliko wote.

Kipo kipimo kingine cha haraka ambacho shemeji angeweza kukitumia. Kreatinini ya 6,240 umol/L ni kama 70 kwa mg/dL. Hata wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine, wengi huwa kwenye mamia, au elfu moja hivi. Mtu mwenye 6,240 asingekuwa anaandika barua. Ukiona tarakimu nne, soma kwanza herufi zilizo kushoto na kipimo kilicho kulia, ndipo uite ndugu.

Hata hivyo sikuambii ukalale. CK ikipita 5,000 hivi, figo zinastahili kuchungwa, maana pamoja na CK hutoka mayoglobini, protini nyekundu ya msuli, nayo ndiyo inayozidhuru. Rudi maabara kesho, rudia CK, kreatinini na potasiamu, na wapime mkojo. Kunywa maji kiasi cha kuufanya mkojo uwe mweupe, miguu ipumzike, na hiyo diklofenaki unayosema unameza kwa ajili ya maumivu iache, kwa sababu inabana damu inayokwenda kwenye figo. Ikishapita kilele, CK hupungua takriban nusu kila siku moja na nusu. Kutoka 6,240, baada ya siku tatu tutarajie kama 1,560, na baada ya sita kama 390. Isiposhuka hivyo nawe umepumzika, hapo kuna jambo jingine la kutafuta.

Mimi ni mwalimu wa jimu, kilo 96. Kreatinini 128, CK iko sawa. Natumia kreatini ya unga. Niiache? (Mombasa)

Wako ni mkanganyiko wa upande wa pili. Maranda yameongezeka, lakini huenda mfagiaji hana neno. Mwenye misuli mingi huzalisha kreatinini nyingi, na ukiongeza unga wa kreatini, sehemu yake hugeuka kreatinini vilevile. Na umeniandikia kwamba usiku wa kuamkia kipimo ulikula nyama choma. Moto hugeuza kreatini ya nyama kuwa kreatinini kabla hata haijafika kinywani. Mashine ya maabara haijui kama imetoka kwako au kwa mbuzi.

Acha unga wiki tatu au nne, usile nyama siku moja kabla, usinyanyue chuma siku tatu, kisha rudia. Omba na kipimo cha albumini, protini ya damu, kwenye mkojo, na kama maabara wanacho, sistatini C, ambacho hakiyumbishwi na nyama na hutegemea misuli kidogo sana. Pima na presha. Ikibaki 128 na albumini inavuja, tutazungumza habari za figo. Ikirudi kwenye 105, ulikuwa unga na mbuzi.

Baada ya kushuka Kilimanjaro nimeambiwa ini lina shida: AST 148, ALT 71. Sinywi pombe. (Arusha)

Kabla hujaanza dawa za ini, mwambie daktari apime CK na GGT, kimeng'enya cha ini ambacho hakimo kwenye misuli. AST na ALT zimo pia kwenye misuli, hasa AST, na kushuka mlima siku nzima ni kuchuchumaa maelfu ya mara. CK ikiwa juu na GGT ikiwa kawaida, yaelekea ni mapaja yanayolalamika. Rudia baada ya wiki mbili za kupumzika. Zikibaki juu, ini lichunguzwe kama kawaida.

CK yangu haishuki chini ya 400 hata nikipumzika wiki mbili. Karatasi inasema mwisho 308. (Nairobi)

Watu wengi weusi, wanaume hasa, wana CK ya juu kuliko dari lililochapishwa kwenye karatasi, na ni wazima kabisa. Kama huna udhaifu wa misuli, mkojo ni mweupe, tezi la shingo limepimwa na humezi statini ya kushusha mafuta, 400 inaweza kuwa namba yako tu. Iandike mahali, ili siku nyingine ujue unaanzia wapi.

Mwanangu alifanya usaili wa ulinzi, kuchuchumaa mara mia tano. Leo mkojo ni kama soda nyeusi. Nimnunulie maji ya dafu? (Tanga)

Mama huyu nilimpigia simu kabla ya kuandika haya, maana mkojo wa namna hiyo hausubiri gazeti wala dafu. Tena dafu lina potasiamu nyingi, na msuli uliochanika tayari unaimwaga kwenye damu. Ikipanda, moyo unaweza kusimama.

Walikwenda hospitali jioni ileile. Kijiti cha mkojo kilionyesha damu nyingi, lakini kwenye darubini hapakuonekana hata chembe nyekundu. Hiyo ndiyo alama: kijiti hakiwezi kutofautisha damu na mayoglobini. CK ilikuwa 38,000, kreatinini 141. Asubuhi CK ilikuwa imeshuka hadi 31,000, familia ikashangilia na kutaka kurudi nyumbani. Kreatinini ilikuwa imepanda hadi 176. Daktari wa zamu akakataa kumruhusu, na alikuwa sahihi: ukuta ulikuwa umeanza kuzibwa, lakini mfagiaji alikuwa amelemewa. Dripu iliendelea, mkojo ukapimwa kila saa, na siku ya nne kreatinini ikarudi 118. Akaruhusiwa, CK ikiwa bado 9,000.